Ofseti kwenye regresheni ya Poisson: watoto wamefuatiliwa siku zisizolingana na majibu hayaeleweki

Msimu uliopita kijana mmoja anayesimamia wakusanya data kule Muheza alikuja kwangu Ngamiani, mjini Tanga, na kompyuta yake mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba, kabla hata chai haijamiminwa, akasema: "Mwalimu, juzi modeli ilisema vyandarua vipya vinapunguza malaria kwa theluthi. Leo nimeongeza kitu kimoja tu, inasema vinaongeza malaria. Nimwambie nini bosi?"

Kitu alichoongeza ni ofseti, yaani njia ya kuiambia modeli kila mtoto alitazamwa muda gani. Na swali lake, kwa maneno tofauti kidogo, nimeshaulizwa mara nyingi: watoto wamehesabiwa vipindi vya malaria, lakini mmoja amefuatiliwa mwaka mzima, mwingine miezi mitatu kisha mama yake akahamia Pangani, wa tatu aliandikishwa katikati ya mwaka. Nimeyapanga hapa matatizo kwa dalili unazoziona kwenye skrini. Chini ya kila dalili sababu ya kawaida zaidi inatangulia, na vipimo rahisi vinakuja kabla ya matengenezo makubwa.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Namba zake nimezitunga mwenyewe ili zikokotoleke kwa urahisi; si za utafiti wowote. Kundi la vyandarua vya zamani (`kundi` = 0) lina watoto 100, jumla ya siku 36,500 za kufuatiliwa, yaani miaka-mtoto 100, na vipindi 60 vya malaria. Kundi la vyandarua vipya (`kundi` = 1) nalo lina watoto 100, lakini siku zao ni 18,250, yaani miaka-mtoto 50, na vipindi 40. Faili lina mstari mmoja kwa kila mtoto, na safu za `mtoto`, `kundi`, `kuingia`, `kutoka`, `malaria` na `siku`.

## Dalili ya 1: Jibu linageuka upande ukiweka ofseti au ukiitoa

Hii ndiyo iliyomleta kijana wangu. Modeli yake ya kwanza ilikuwa hivi:

```r
m1 <- glm(malaria ~ kundi, family = poisson, data = d)
```

Modeli hii inalinganisha vipindi kwa kila mtoto. Kundi la zamani lina 60 kwa watoto 100, kundi jipya 40 kwa watoto 100, kwa hiyo uwiano ni 0.67. Wigo wa uhakika wa asilimia 95 unaanzia 0.45 na kuishia chini kidogo ya 1, basi mtu anashangilia kwamba matokeo yana maana kitakwimu. Modeli haijui kabisa kwamba watoto wa kundi jipya walitazamwa nusu ya muda. Mtoto ambaye hukumtazama hukuiona malaria yake, hata kama aliugua.

Sababu ya kawaida kabisa: muda haumo ndani ya modeli. Usikimbilie programu kwanza. Jumlisha vipindi na siku kwa kila kundi, kisha gawanya kwa mkono:

```r
aggregate(cbind(malaria, siku) ~ kundi, data = d, FUN = sum)
```

Kundi la zamani: 60 kugawanya kwa miaka-mtoto 100 ni 0.6 kwa mwaka. Kundi jipya: 40 kugawanya kwa 50 ni 0.8 kwa mwaka. Uwiano ni 1.33. Sasa weka ofseti:

```r
m2 <- glm(malaria ~ kundi + offset(log(siku)), family = poisson, data = d)
exp(cbind(coef(m2), confint.default(m2)))
```

Itakupa 1.33 ile ile, na wigo wa 0.89 hadi 1.99. Modeli yenye kigezo kimoja cha makundi mawili lazima ikubaliane na mgawanyo wa mkono hadi desimali ya mwisho. Ikikataa, kosa liko kwenye faili au kwenye namna ulivyoandika ofseti, na kabla ya kulipata usiongeze umri, kijiji wala kitu kingine chochote.

Ofseti ni logi ya muda inayoingia kwenye mlinganyo bila koefishenti ya kukadiriwa. Koefishenti yake imefungwa kwenye 1. Maana yake ni kwamba muda ukiwa mara mbili, matukio yanayotarajiwa nayo ni mara mbili, si zaidi wala si pungufu. Sharti hilo litaturudia kwenye dalili ya 4, maana 1.33 nayo si jibu tulilokuwa tunalitafuta.

Sababu ya pili: umewaondoa waliofuatiliwa muda mfupi. Wengine wanaona siku hazilingani, wanaamua kubaki na waliokamilisha mwaka peke yao. Hapo jibu hugeuka kwa sababu waliobaki si watu wale wale: familia zinazohama kufuata vibarua vya mkonge hazifanani na zilizotulia kijijini. Warudishe wote. Mtoto wa siku 28 ana siku 28 za ushahidi, na kazi ya ofseti ni kumhesabu kwa kadiri hiyo.

Sababu ya tatu: umegawanya kwanza, ukaipa Poisson kiwango badala ya idadi. R itakupa onyo la `non-integer x`. Mtoto wa siku 28 mwenye kipindi kimoja anaonekana ana vipindi 13 kwa mwaka, na anapewa uzito sawa na aliyetazamwa mwaka mzima. Rudisha idadi upande wa kushoto na muda uende kwenye ofseti.

## Dalili ya 2: Programu inagoma, au inakula watoto kimyakimya

Ujumbe wa kawaida ni `NA/NaN/Inf in 'y'`. Watu wanakwenda kuchunguza safu ya malaria kwa sababu ujumbe unataja y, hawaoni kosa, wanakata tamaa. Tatizo kwa kawaida liko kwenye muda. Logi ya sifuri ni hasi isiyo na kikomo, na mtoto mmoja tu mwenye siku 0 anatosha kuangusha kila kitu.

Anza hapa:

```r
summary(d$siku)
d[is.na(d$siku) | d$siku <= 0, ]
```

Sababu ya kawaida: tarehe ya kuingia na ya kutoka ni ile ile. Mtoto aliandikishwa asubuhi, jioni familia ikasema haitaki kuendelea. Ukitoa tarehe kwa tarehe unapata 0. Amueni kanuni moja kwa watoto wote, kwamba siku ya kuingia inahesabiwa au haihesabiwi, na muifuate. Wapo wanaobandika 0.001 ili programu inyamaze. Kama mtoto huyo hana kipindi chochote, umepoteza wino tu, kwani haongezi kitu. Kama ana kipindi kimoja, umeingiza tukio lisilo na muda na kiwango kinavimba. Afadhali uulize: kipindi hicho kilianza baada ya kuandikishwa, au mtoto aliletwa akiwa tayari na homa? Kama aliletwa mgonjwa, kipindi hicho si cha ufuatiliaji.

Sababu ya pili, na hii ndiyo inayonitia hofu: tarehe zimesomwa kinyume. Katika daftari la kijana wangu, mstari wa mtoto mmoja ulisomeka vizuri kabisa kwa kalamu ya buluu: kuingia 05/03/2024, kutoka 02/04/2024, na pembeni neno "amehama". Ni kuanzia tarehe tano Machi hadi mbili Aprili, siku 28. Kompyuta iliyotumika kuingiza data ilikuwa na mpangilio wa Kimarekani, wa mwezi kwanza. Ikasoma kuingia tarehe tatu Mei na kutoka tarehe nne Februari. Jumla: siku hasi 89.

Hasi haiangushi modeli kama sifuri inavyofanya. R inatoa onyo dogo, `NaNs produced`, inamfuta mtoto huyo, na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Dalili pekee ni mstari mdogo chini ya `summary(m2)` unaosema `observation deleted due to missingness`. Linganisha kila mara `nobs(m2)` na `nrow(d)`. Zikitofautiana, simama.

Tena, hasi angalau hujitokeza ukiitafuta. Tarehe iliyogeuzwa inaweza pia kukupa namba chanya iliyo kubwa kupita kiasi au ndogo kupita kiasi, nayo haipigi kelele. Ndiyo maana tarehe isomwe kwa maelekezo ya wazi, isiachiwe kompyuta ikisie:

```r
d$kuingia <- as.Date(d$kuingia, format = "%d/%m/%Y")
d$kutoka  <- as.Date(d$kutoka,  format = "%d/%m/%Y")
d$siku <- as.numeric(d$kutoka - d$kuingia)
```

Kisha chukua watoto kumi bila kuchagua, fungua daftari la karatasi, uhesabu siku zao kwa kalenda. Ni kazi ya dakika ishirini.

Simama uombe msaada kama tarehe za kutoka hazipo kwa watoto wengi. Kuziba pengo kwa tarehe ya mwisho wa utafiti kunawapa waliohama muda ambao hakuna aliyewatazama, na kiwango kinashuka kwa uongo. Tarehe ya mwisho mtoto kuonekana na mhudumu kwa kawaida ndiyo iliyo salama zaidi, lakini uamuzi huo aufanye mtu anayejua ziara zilipangwaje.

## Dalili ya 3: Modeli imekubali, lakini namba hazina akili

Muda umewekwa bila logi. Mtu ameandika `offset(siku)`. Modeli inaelewa kwamba kila siku moja ya nyongeza inazidisha matukio kwa 2.72. Unaweza kuona onyo la `fitted rates numerically 0 occurred`, na unaweza usilione. Angalia `(Intercept)`: ikiwa iko karibu na hasi ya siku nyingi kuliko zote kwenye faili, mfano hasi 360 na kitu, umempata mwizi.

Logi imechukuliwa mara mbili. Hili ni gumu kuliona kwa sababu jibu linaonekana la heshima. Katika Stata, `exposure(siku)` inachukua logi yenyewe, ilhali `offset()` inataka safu ambayo tayari ni logi. Katika maktaba ya statsmodels ya Python, `exposure=` na `offset=` zina tofauti hiyo hiyo. Sasa mtu ametengeneza safu ya `logsiku`, akaiweka kwenye `exposure`. Katika mfano wetu, kama kila mtoto wa kundi jipya angekaa nusu mwaka kamili na wa zamani mwaka kamili, kosa hili lingetoa uwiano wa karibu 0.76, mahali fulani kati ya 0.67 isiyo na ofseti na 1.33 iliyo sahihi. Hakuna onyo lolote. Ule mgawanyo wa mkono ndio unaomfichua.

```stata
poisson malaria i.kundi, exposure(siku) irr
```

Logi si ya aina inayotakiwa. Katika R na Stata, `log()` ni logi asilia. Katika Excel, `LOG()` ni ya msingi wa 10, na logi asilia ni `LN()`. Safu ikitengenezwa Excel kwa `LOG()` kisha ikapelekwa R kama ofseti, mfano wetu unatoa karibu 0.90. Nimeona faili la namna hii likipita mikono ya watu watatu bila kushtukiwa. Nashauri logi isitengenezwe kabisa nje ya modeli: peleka siku ghafi, na logi iandikwe ndani ya amri yenyewe, mahali kila msomaji anaiona.

Vipimo vya muda vimechanganywa. Ofseti kwa siku inatoa `(Intercept)` ya hasi 6.41, kwa miaka inatoa hasi 0.51. Tofauti yao ni 5.90, ambayo ni logi ya 365, na zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ni kiwango kwa siku, ya pili kwa mwaka. Uwiano wa makundi haubadiliki hata kidogo. Tatizo linaanza wakati wa kubashiri: modeli ilifundishwa kwa siku, wewe unaiandikia `siku = 1` ukidhani umeomba mwaka mmoja, unaletewa malaria 0.0016 na kusema modeli imekufa. Andika `siku = 365`. Lililo baya ni faili lenye watoto wa kituo kimoja kwa siku na wa kituo kingine kwa miezi. Hapo hata uwiano unaharibika. Chora histogramu ya `siku` kwa kila kituo, na rundo la namba zisizozidi 12 litajitenga lenyewe.

## Dalili ya 4: Kila kitu kimeandikwa sawa, lakini jibu bado linakataa kuaminika

Hapa ndipo tulipotumia jioni yote. Ofseti yake ilikuwa sahihi, tarehe tulizirekebisha, mgawanyo wa mkono ulikubaliana na modeli. Bado ilisema vyandarua vipya vina malaria zaidi kwa theluthi. Nikamwambia aiondoe ofseti kwa muda, na logi ya siku iingie kama kigezo cha kawaida:

```r
m3 <- glm(malaria ~ kundi + log(siku), family = poisson, data = d)
```

Hiki ni kipimo, si tiba. Tumeifungua ile koefishenti iliyokuwa imefungwa kwenye 1 ili tuone ingependa kuwa ngapi. Kama wigo wake wa uhakika unaishika 1, sharti la ofseti halijapingwa. Kama imekwenda 0.4 au 1.7 na wigo hauigusi 1, basi muda ukiwa mara mbili matukio hayawi mara mbili, na kuna kitu kinachofanya siku moja isifanane na nyingine. Tahadhari: ukiacha `offset(log(siku))` ndani na pia ukaongeza `log(siku)`, koefishenti inapimwa kutoka 0, kwa sababu ile 1 tayari imo.

Kwake ilikuwa chini ya 1 kwa mbali. Waliotazamwa muda mfupi walikuwa na malaria nyingi kwa kila siku kuliko waliotazamwa muda mrefu. Nikamuuliza: "Hawa wa vyandarua vipya mliwaandikisha lini?"

"Mwezi wa tatu, mwalimu. Vyandarua vilichelewa."

Sababu ya kawaida zaidi ukanda wetu: misimu. Tanga ina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na malaria hupanda mvua zikishatengeneza mazalia. Watoto walioandikishwa Machi na kufuatiliwa hadi Agosti wamekaa muda wao wote ndani ya kipindi kibaya. Wenzao wa mwaka mzima wana miezi ya kiangazi inayopunguza wastani wao. Ofseti inasawazisha urefu wa muda. Haijui muda huo ulikuwa wa lini.

Tiba ni kukata muda wa kila mtoto vipande kwa kalenda, mstari mmoja kwa kila kipande, kila mstari na siku zake, vipindi vyake na `msimu` wake; faili hilo jipya nimeliita `d2`. Kwa urahisi nitakata mwaka mara mbili tu, ingawa kwenye data halisi ningekata kwa mwezi ili vuli nayo ipate nafasi yake. Tuseme kundi la zamani linagawanyika hivi: Machi hadi Agosti miaka-mtoto 50 na vipindi 48, Septemba hadi Februari miaka-mtoto 50 na vipindi 12. Kundi jipya lina Machi hadi Agosti peke yake, miaka-mtoto 50 na vipindi 40.

Ukitazama Machi hadi Agosti peke yake, zamani ni 0.96 kwa mwaka na jipya ni 0.80. Uwiano ni 0.83. Modeli inasema hivyo hivyo:

```r
m4 <- glm(malaria ~ kundi + msimu + offset(log(siku)),
          family = poisson, data = d2)
```

Watoto wale wale wametupa 0.67, kisha 1.33, kisha 0.83. Ya mwisho ndiyo inayolinganisha siku zinazofanana, na wigo wake ni 0.55 hadi 1.27. Kwa hiyo jibu la kumpelekea bosi ni kwamba data hizi zinaegemea upande wa vyandarua vipya kupunguza malaria, lakini hazitoshi kulisema hilo kwa uhakika. Kijana hakulipenda, na namwelewa. Ila uone pia kilichotokea kwa miaka-mtoto 50 ya Septemba hadi Februari: imetusaidia kujua msimu, lakini juu ya vyandarua haisemi chochote, kwa sababu kundi jipya halikuwepo. Hakuna modeli itakayofidia hilo.

Kukata vipande ni kazi yenye makosa mengi, na ina kipimo kimoja kizuri sana. Endesha modeli kwenye faili jipya `d2` bila `msimu`. Lazima ikupe 1.33 na kosa sanifu lile lile la `m2`, bila tofauti yoyote, kwa sababu kukata muda peke yake hakuongezi wala hakupunguzi habari. Ikitofautiana, kuna siku zimepotea mpakani, au kipindi kimehesabiwa mara mbili. Na usitengeneze mistari ya siku 0 kwa miezi ambayo mtoto hakuwepo, la sivyo utarudi kwenye dalili ya 2.

Kosa ninaloliona baada ya hapo ni mtu kuiacha `m3` kama modeli ya mwisho kwa kuwa "inaendana na data". Inaendana, ndiyo, lakini imeumeza msimu ndani ya muda, na uwiano unaoutoa haulinganishi tena viwango vya makundi mawili.

Sababu ya pili: siku ambazo mtoto hakuwa hatarini zimehesabiwa. Mtoto aliyetibiwa kwa dawa ya mseto anabaki na dawa mwilini kwa muda, na homa inayorudi ndani ya siku chache inaweza kuwa ile ile ya mwanzo. Ndiyo maana tafiti nyingi huondoa siku kadhaa baada ya kila matibabu, mara nyingi kati ya 14 na 28. Mtoto wa siku 182 aliyeugua mara tatu, mkiondoa 21 kila mara, ana siku 119 za hatari. Wanaougua sana ndio wanaopunguziwa zaidi, kwa hiyo kanuni hii inaongeza tofauti kati ya makundi kama ipo. Ukizitoa siku hizo, vipindi vilivyotokea ndani yake navyo vitoke. Kutoa kimoja na kuacha kingine ni kosa la kawaida. Miezi ambayo familia ilikuwa safarini nje ya eneo nayo inaingia hapa.

Sababu ya tatu: kuugua ndiko kulikomfanya atoke. Mama aliyeona mtoto anaugua kila mara amempeleka kwa bibi yake mjini, au mtoto amefariki. Hapo urefu wa muda wenyewe unabeba habari za ugonjwa, na ofseti haina dawa yake. Tazama sababu za kutoka kwenye daftari, uone kama waliotoka mapema walikuwa na vipindi vingi katika mwezi wa mwisho. Ukiona hivyo, simama. Hili linahitaji mtakwimu mwenye uzoefu wa data za ufuatiliaji, na kigezo kimoja cha ziada kwenye modeli hakitalitibu.

## Dalili ya 5: Wigo wa uhakika ni mwembamba kuliko unavyostahili

Poisson inadai kwamba mtawanyiko wa idadi ulingane na wastani wake. Malaria haitii: watoto wachache wanaoishi karibu na mazalia wanachukua vipindi vingi, na wengi hawana hata kimoja. Pima:

```r
sum(residuals(m4, "pearson")^2) / df.residual(m4)
```

Karibu na 1 ni salama. Ikifika 2.25, makosa sanifu yako yanatakiwa kuzidishwa kwa 1.5, na uwiano mwingi uliosherehekewa unarudi ndani ya shaka. Usitegemee `Residual deviance` hapa. Mistari ikiwa mifupi na sifuri nyingi, inapotosha.

Kabla ya kubadili aina ya modeli, hakikisha ofseti na msimu vimo. Muda uliosahaulika hujitokeza kama mtawanyiko mkubwa, na nimeona watu wakienda moja kwa moja kwenye `glm.nb` kutibu ofseti iliyokosekana. Mtawanyiko ukibaki, `family = quasipoisson` au `MASS::glm.nb` zote zinapokea `offset(log(siku))` ile ile. Kama umekata vipande, mtoto mmoja sasa ana mistari mingi isiyo huru, kwa hiyo makosa sanifu yakokotolewe kwa mtoto:

```r
library(sandwich); library(lmtest)
coeftest(m4, vcov = vcovCL(m4, cluster = ~ mtoto))
```

Hapa pia pana mahali pa kusimama. Kama vyandarua viligawiwa kwa kijiji kizima, kilichopangwa ni kijiji na si mtoto, na vijiji vinne au sita havitoshi kwa amri hiyo ya juu hata ukiandika `cluster = ~ kijiji`. Itakupa namba, tena ndogo za kupendeza, nazo haziaminiki.

Unapokwenda kwa mtakwimu, usimpelekee safu ya `siku` peke yake. Mpelekee tarehe ya kuingia, ya kutoka na sababu yake, tarehe ya kila kipindi cha malaria, tarehe za matibabu, na kijiji. Kijana wangu alirudi Muheza na basi la saa kumi na mbili akiwa na orodha hiyo nyuma ya daftari. Wiki iliyofuata akanitumia ujumbe kwamba amepata watoto wengine saba wenye tarehe zilizogeuzwa.